Kukataa Mwaliko bila Kujipa Ugonjwa



Ndugu vijana, kila mara tunapoifikia amri ya nane katika mikutano yetu, mazungumzo hukimbilia mambo makubwa: mashahidi wa uongo, viongozi wanaodanganya raia, wafanyabiashara wenye mizani mbovu. Mwezi huu tulipendelea kubaki na jambo dogo ambalo kila mmoja wetu analijua. Rafiki amekualika kwenye karamu siku ya Jumamosi. Huna msiba, huna safari, huna kazi iliyokuzuia. Umeishiwa nguvu tu. Wiki nzima umekuwa ukiamka kabla ya jua, umekaa na watu kutwa, na sasa hata kufikiria muziki mkubwa na maswali ya wageni kunakuchosha. Mkono unashika simu, na neno la kwanza linaloandikwa ni: «Rafiki, unisamehe, niko na malaria.»

Tulijiuliza kwa nini ni ugonjwa unaotangulia hivyo. Jibu tulilolipata ni kwamba ugonjwa ndio udhuru pekee usiobishiwa kati yetu. Ukisema una kazi, utaambiwa uje baada ya kazi. Ukisema huna nauli, kuna atakayekutumia. Ukisema umechoka, utacheka mwenyewe kwa jibu utakalolipata: «Si utapumzikia huku? Viti vipo!» Uchovu hauhesabiwi kuwa sababu, labda kwa kuwa wazazi wetu na wazee wetu wamechoka kila siku na hawakuona mahali pa kulitamka jambo hilo. Hata lugha yenyewe inatusukuma upande huo. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, kusema kwamba mtu «hawezi» kulikuwa ndiyo namna ya kusema kwamba ni mgonjwa, kana kwamba hakuna njia nyingine ya mtu kutokuweza.

Lakini ugonjwa unaotajwa haukai pale ulipowekwa. Katika kundi letu hapa Bukavu kuna kijana aliyeturuhusu kulieleza lililompata, ila jina lake tusilitaje. Alikuwa amealikwa na rafiki yake wa kwaya, akaandika Jumamosi saa kumi alasiri kwamba malaria imemlaza. Rafiki huyo alifanya kile ambacho Mkristo mwema hufanya. Aliwaambia waimbaji wengine waliokuwa karamuni, nao wakachanga palepale faranga 9.500. Mmoja wao akamwambia mama anayesimamia shirika lao la msingi. Kesho yake, katika misa ya kwanza, jina la kijana huyo lilisomwa katika maombi ya waamini pamoja na majina ya wagonjwa wengine wawili, na mmoja kati ya hao wawili alikuwa mzee aliyebakiza siku chache tu za kuishi. Baada ya misa, watu wanne walipanda mlima kwenda nyumbani kwake wakiwa na machungwa, marakuja na bahasha ile. Mama mzazi alifungua mlango akashangaa, kwa sababu mwanawe alikuwa amekula vizuri asubuhi na yuko nyuma ya nyumba anafua nguo.

Alichokifanya kijana huyo kilikuwa sentensi moja ya maneno machache. Hakuwa na nia ya kumwibia mtu. Lakini kwetu ugonjwa una haki zake: mgonjwa hutembelewa, huombewa, huchangiwa, na jirani huacha kazi yake kwa ajili yake. Anayejipa ugonjwa anazichukua haki hizo pasipo kujua, na wanaozilipa ni watu ambao hawana kitu cha ziada. Tena malaria si neno la kuchezea katika nchi hii, ambamo hakuna shirika ambalo halijawahi kumzika mtoto kwa ajili yake. Kijana yule alituambia kwamba kilichomuumiza hakikuwa aibu mbele ya mama yake. Kilichomuumiza ni kuzishika zile faranga mkononi, asijue la kufanya nazo. (Alizirudisha baada ya siku tatu, na hiyo nayo ilikuwa safari ngumu.)

Tusilikuze kosa kupita kipimo chake. Mtakatifu Thoma wa Akwino aligawa uongo katika aina tatu: ule wa mzaha, ule unaosemwa ili kumfaa mtu, na ule wa kumdhuru mtu. Aina mbili za kwanza, kwa maoni yake, kwa kawaida si dhambi ya mauti, ingawa hakuna hata moja aliyoiita njema. Udhuru wa malaria ni wa aina ya pili: unasemwa ili rafiki asihuzunike, na ili sisi tusisumbuliwe. Mtakatifu Augustino, ambaye aliandika vitabu viwili vizima juu ya uongo, cha kwanza yapata mwaka 395, alikuwa mkali zaidi, maana alijua jinsi uongo wa hisani unavyojizoesha mdomoni. Sisi tunabaki na swali la kawaida zaidi: uongo huu mdogo ukishatoka, nani anaubeba?

Biblia ina hadithi ya karamu iliyokataliwa kwa udhuru wa kubuni, na si watu wengi wanaoikumbuka. Iko katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 20. Daudi anapaswa kuketi mezani pa mfalme Sauli kwa sikukuu ya mwezi mwandamo, lakini anajua kwamba mfalme anataka kumwua. Anapatana na rafiki yake Yonathani, mwana wa mfalme: akiulizwa, aseme kwamba Daudi ameomba ruhusa aende upesi Betlehemu, kwenye sadaka ya mwaka ya ukoo wake. Siku ya kwanza Sauli anakiona kiti kitupu, ananyamaza. Anadhani Daudi hayuko safi kwa ibada. Siku ya pili anauliza. Hapo soma kwa makini jibu la Yonathani na ulilinganishe na lile alilotumwa kulisema. Limeongezeka. Sasa yuko kaka aliyemwamuru Daudi afike, ziko na hamu za kuwaona ndugu, mambo ambayo Daudi hakuyataja. Sauli hakuamini. Aliwaka hasira, akamtukana mwanawe, kisha akamrushia mkuki.

Daudi alikuwa anaokoa uhai wake, na sisi tunazungumza juu ya Jumamosi jioni; hatutaki kuyalinganisha mambo hayo. Tunachokiona ni jinsi udhuru unavyofanya kazi ukisafirishwa na mtu mwingine. Aliyeubuni hayupo. Aliyebaki mezani ni rafiki, na ni yeye anayeulizwa, ni yeye anayeongeza maneno ili habari isimame, na mkuki unamwelekea yeye. Yule kijana wetu naye hakuwa karamuni. Rafiki yake ndiye aliyesimama mbele ya waimbaji akasema kwa uso mkavu kwamba mwenzao ni mgonjwa, akashuhudia asichokijua.

Basi ni lazima kumweleza mwenye karamu kila kitu? Hapana, na hapa wengi wetu hukosea wakidhani kwamba pasipo uongo hubaki maungamo tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2488 na 2489, inafundisha kwamba haki ya kuambiwa ukweli ina mipaka. Mambo yako binafsi yanaweza kustahili kunyamaziwa, na hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Kwa hiyo si lazima rafiki ajue kwamba umegombana na shemeji yako, au kwamba umelia juzi usiku, au kwamba kelele za watu zinakuchosha tangu utoto. Unaweza kusema kidogo. Ila hicho kidogo unachokisema kiwe kweli.

Baadhi yetu waliposikia hayo walifurahi haraka mno. Mmoja akasema: «Basi nitaandika tu kwamba sijisikii vizuri. Si uongo! Kwa kweli sijisikii vizuri, kwa kuwa nimechoka. Akielewa kwamba ninaumwa, ni yeye aliyeelewa hivyo.» Ni werevu, lakini ni werevu wa zamani sana. Katika karne ya 17 walikuwako waalimu waliofundisha kwamba mtu anaweza kutamka nusu ya sentensi na kuimalizia moyoni, na kwamba hapo hakudanganya. Papa Inosenti wa 11 aliyakataa mafundisho hayo mwaka 1679. Kipimo chenyewe si kigumu: unapoandika «sijisikii vizuri», je, unataka rafiki aelewe nini? Ikiwa unaandika ukitumaini atafikiria homa, basi homa umeiandika wewe. Ikiwa akijibu «Pole, umekunywa dawa gani?» utalazimika ama kusahihisha ama kubuni, ni ishara kwamba sentensi ile ilikuwa na mlango wa uongo tayari.

Tuseme sasa jinsi mmoja wetu alivyofanya, kwa sababu mambo haya hueleweka kwa mfano. Ni dada anayekaa Kadutu. Mchana anamsaidia shangazi yake sokoni. Jioni tatu za wiki ana mazoezi ya kwaya. Wiki ile yalikuwapo matanga mawili, na katika yote mawili walikesha wakiimba. Rafiki yake wa karibu, aliye mdogo kwake kwa miaka miwili, alikuwa amefaulu mtihani wa serikali. Ninyi mnajua furaha ya diploma ilivyo kwetu: unga mweupe kichwani, vifijo barabarani, na baadaye karamu ya familia. Karamu hiyo ilipangwa Jumamosi, huko Bagira, kuanzia saa kumi na mbili jioni. Alhamisi dada huyo alitambua kwamba hana nguvu za kwenda. Angeweza kufika kwa miguu yake. Si kwamba haiwezekani. Lakini alijua angekaa pembeni, uso umekunjamana, akihesabu saa.

Jambo la kwanza alilolifanya vizuri ni kusema Alhamisi ileile. Anayeandaa karamu huhesabu watu: viti vya kukodi, sahani, vinywaji, kipande cha nyama kwa kila mmoja. Kukataa mapema kunamwokolea gharama. Kukataa saa moja kabla, hata kwa ukweli mtupu, kunamwachia chakula kilichopikwa. Tena, saa ya mwisho ndiyo inayozaa magonjwa, kwa kuwa mtu aliyechelewa anahitaji sababu ya ghafla, na uchovu wa wiki nzima hauji ghafla.

La pili, hakuandika ujumbe wa simu. Alipiga. Aliona kwamba kwa mtu wa karibu hivyo maandishi yangeonekana baridi. Alisema hivi, kadiri tulivyoweza kuyakumbuka maneno yake: «Mdogo wangu, nimeifurahia diploma yako kuliko ninavyoweza kueleza. Asante kunialika. Jumamosi sitakuja. Si mgonjwa, wala hakuna ubaya. Wiki hii imenimaliza, nahitaji kukaa nyumbani nilale. Nimekuambia leo ili usinihesabu kwenye viti.»

Angalieni kwamba alisema «sitakuja». Wengi wetu tungesema «nitaona», au «nitajaribu», au tungelitaja jina la Mungu, «Mungu akipenda nitafika», tukijua mioyoni kwamba tumeshaamua. Maneno hayo yanafanana na adabu, lakini yanamwacha mwenzako akikuwekea sahani. Kumtupia Mungu uamuzi ambao umeshaufanya wewe ni kosa jingine, nalo ni la amri nyingine.

Rafiki yake alinyamaza kidogo, kisha akafanya kile ambacho sote hukifanya: akasukuma. «Yaya, ni saa moja tu. Njoo ule, uondoke. Kaka atakurudisha kwa pikipiki.» Hapa ndipo watu wengi huanguka. Sababu ya kwanza ikishasukumwa, tunatafuta ya pili: shangazi ananihitaji asubuhi. Ikisukumwa hiyo, tunatafuta ya tatu: tena kichwa kinaniuma. Malaria mara nyingi huzaliwa hivyo, haikukusudiwa tangu mwanzo. Ni sababu ya nne au ya tano. Kila sababu mpya ni jambo la kutatuliwa, na mwenye karamu ana kaka, ana pikipiki, ana dawa ya kichwa. Dada yetu hakuongeza kitu. Alirudia lilelile kwa sauti ileile: «Najua ni saa moja, na asante kwa pikipiki. Sitakuja, nimechoka kweli.» Kisha akasema jambo ambalo si udhuru bali ni ahadi yenye siku na saa: «Jumanne mchana nitashuka kwenu na sambusa. Nataka uniambie yote.»

Rafiki alikasirika. Tusiwafiche hilo. Ijumaa hakujibu salamu, na Jumamosi usiku alituma picha za karamu kwa wote isipokuwa yeye. Ukweli uliosemwa kwa upole haumhakikishii mtu kwamba mwenzake hataumia; hapo ugonjwa wa kubuni ungekuwa na faida, maana hakuna anayemkasirikia mgonjwa. Jumanne dada huyo alishuka kama alivyosema, akakaa saa mbili, akaangalia picha moja baada ya nyingine, akaulizia kila gauni. Ni siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika urafiki wao, yule mdogo alipomwuliza: «Kwani ni nini kinachokuchosha hivi?» Swali hilo mgonjwa wa malaria hawezi kuulizwa, kwa kuwa watu wanadhani wanajua jibu.

Mipaka ipo. Karamu si matanga. Rafiki aliyefiwa hatumwambii kwamba wiki imetumaliza. Tunakwenda, hata kama ni kukaa kimya kwa nusu saa tukimshika mkono. Pia kuna karamu ambayo mwenyewe ana watu watatu tu wa kuwaalika, na usipokuwapo wanabaki wawili. Hapo kuchoka kwako kupimwe upya. Katika sura ya 6 ya Injili ya Marko, Yesu anawaita mitume wapumzike mahali pasipo watu, kwa sababu hawakuwa na nafasi hata ya kula. Wengi huishia hapo wakiusoma ukurasa huo. Mbele kidogo umati unawatangulia kwa miguu, Yesu anawaona, anawahurumia, na siku inaendelea. Haki ya kupumzika ilitambuliwa, na bado mtu aliye mbele yao alitazamwa kwanza. Hatuoni namna ya kuiepuka kazi hiyo ya kutazama. Hakuna kanuni itakayoifanya badala yetu.

Mpaka mwingine ni uchovu wenyewe. Ukilala Jumamosi ukaamka Jumapili umepata nafuu, ulikuwa uchovu. Lakini kama wiki zinapita na usingizi haukusaidii, kama unakataa kila mwaliko na hata kitu ulichokipenda hakikuvuti tena, usiseme «nimechoka» kana kwamba ni lilelile. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, mzazi, padri au mlezi wa kundi, kisha nenda kituo cha afya. Huenda hapo upo ugonjwa wa kweli, na ni huzuni kubwa kama umeshaitumia sauti yako ya kuita msaada kwa ajili ya karamu tatu zilizopita.

Na sisi tunaoalika tuna sehemu yetu. Mtu akituambia kwa uaminifu kwamba hana nguvu, nasi tukamsukuma mara tatu, mara nne, mpaka ataje homa ndipo tumwache, tumemfundisha bei ya kuachwa kwa amani. Tulikubaliana katika kundi letu kujaribu kwa miezi mitatu: mmoja akisema «nimechoka, sitakuja», mwenzake ajibu «sawa, pumzika», na asiongeze neno. Mwanzoni jibu hilo lilikuwa kavu mdomoni, na wawili wetu wamekiri kwamba bado wanalitamka huku wamenuna. Yule mdogo wa Bagira yeye ameongeza la kwake. Siku hizi akialika watu, kabla ya kutaja siku na saa, huwauliza kwanza kama wiki imewaachia nguvu kidogo.